Bei Mbili Zisizoachana

Bei ya mahindi Iringa na bei yake Dar es Salaam hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka bila kurejea kwenye wastani wowote maalumu. Hata hivyo haziwezi kuachana mno. Pengo likizidi gharama ya usafiri, wafanyabiashara hupakia malori, mzigo huingia Dar na bei hushuka. Data zinazotangatanga kila moja peke yake, huku pengo baina yao likitulia, husemwa kuwa na kointegresheni. Robert Engle na Clive Granger walieleza namna ya kuipima katika makala yao ya mwaka 1987.

Kipimo hicho kinahitajika kwa sababu data zinazotangatanga ni rahisi kudanganya. Mwaka 1974 Granger na Paul Newbold walionyesha kuwa data mbili za namna hiyo, zisizohusiana hata kidogo, mara nyingi hutoa matokeo yanayoonekana kuthibitisha uhusiano mkubwa.

Hatua ya kwanza ni kukadiria uhusiano wa muda mrefu. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya gunia Dar ni ile ya Iringa ukiongeza shilingi 15,000. Kila mwezi bei halisi ya Dar hulinganishwa na makadirio hayo, na tofauti inayobaki huitwa masalio. Masalio ndiyo hupimwa kwa jaribio la Dickey na Fuller: je, yanarudi kwenye sifuri? Hapa wengi hukosea. Jedwali la kawaida hutaka kipimo kishuke chini ya takriban -2.86, lakini kwa kuwa masalio yametokana na makadirio yaliyochaguliwa ili yawe madogo, kikomo sahihi kwa data mbili ni takriban -3.34. Matokeo ya -3.1 hayatoshi.

Jaribio likifaulu, hufuata modeli ya kusahihisha kosa. Modeli hii hueleza badiliko la bei mwezi huu kwa mabadiliko ya karibuni pamoja na pengo la mwezi uliopita. Iringa ikiwa 70,000 na Dar 93,000, Dar imezidi kwa 8,000. Kama kiwango cha marekebisho ni -0.25 na Iringa haisogei, bei ya Dar hushuka 2,000 mwezi unaofuata. Pengo huwa 6,000, kisha 4,500. Nusu yake huisha kwa takriban miezi miwili na nusu. Alama ya kutoa ni ya lazima hapa, kwani bila hiyo Dar hairudi. Kama ni Dar peke yake inayojirekebisha, basi Iringa ndiyo inayoongoza bei.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ile 15,000. Mafuta yakipanda sana au barabara ikiboreshwa, pengo la kawaida huhama, na jaribio linaweza kukana uhusiano ambao bado upo. Mchoro wa masalio huonyesha hali hiyo waziwazi: huzunguka kiwango kimoja, kisha kuanzia mwezi fulani huzunguka kingine. Hapo kipindi hugawanywa, au badiliko hilo huingizwa ndani ya mlinganyo wenyewe.