Kwa Nini Rafiki Hawezi Kuingia Kwenye Mechi

Marafiki watatu wanawasha Xbox Jumamosi usiku. Wa kwanza anamwalika wa pili, wanacheza vizuri. Anamwalika wa tatu, nako hakuna shida. Lakini wa pili na wa tatu wakialikana wenyewe, gemu inazunguka mpaka inakata. Bando lipo, video zinacheza bila kukwama.

Kinachowazuia ni NAT, utaratibu unaowezesha vifaa vyote vya nyumbani kutumia anwani moja ya intaneti. Ruta hufanya kazi kama mlinzi wa geti: jibu la ombi lililotoka ndani hulipitisha, mgeni asiyetarajiwa humrudisha. Kufungua tovuti hakuhitaji zaidi ya hapo. Mechi ambamo konsoli huwasiliana moja kwa moja huhitaji mgeni aingie.

Kwenye Xbox, kipimo kiko Settings, General, Network settings, kisha Test NAT type. Open hukutana na yeyote. Moderate hukutana na Open na Moderate wenzake. Strict hukutana na Open tu. Kwa hiyo rafiki wa kwanza ni Open, na wenzake wawili wakipima wanakuta Strict.

Tiba ya kwanza ni kuwasha UPnP kwenye ruta, ili konsoli iombe yenyewe kufunguliwa poti. Isipofaulu, konsoli hupewa anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50, kisha ruta huagizwa kupeleka huko kila kinachofika kwenye poti ya UDP 3074, inayotumiwa na mtandao wa Xbox. Nyumba ikiwa na Xbox mbili, 3074 haiwezi kwenda kwa zote. Ya pili huchaguliwa poti nyingine kwenye Advanced settings, Alternate port selection.

Marafiki wetu wawili wamefanya yote hayo na bado ni Strict. Hapo hutazamwa anwani ya WAN kwenye ukurasa wa ruta.

Wa pili anakuta 192.168.0.7. Hiyo ni anwani ya ndani, maana yake ruta yake imechomekwa kwenye ruta nyingine, ile ya kampuni ya intaneti, nayo ina NAT yake. Anaiweka ile ya kampuni katika hali ya bridge, anawasha upya vifaa vyote, anapima: Open.

Wa tatu, mwenye ruta ya laini ya simu, anakuta 100.81.4.9. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa kampuni zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. NAT inayomzuia iko kwenye mitambo ya kampuni, hivyo poti atakazofungua nyumbani hazitamsaidia. Njia yake ni kuomba anwani ya umma, ambayo baadhi ya kampuni huitoza ada.

Hata hivyo, usiku huo huo anaweza kucheza na wenzake wote wawili, kwa kuwa sasa wote ni Open. Akija rafiki wa nne aliye Strict, yeye na wa tatu ndio watakaoshindwa kukutana.