Dola za Waridi: Fowadi au Opsheni?

Mwanzoni mwa 2024 dola ya Marekani ilikuwa ikiuzwa takriban shilingi 160 za Kenya. Serikali ilidaiwa dola bilioni 2 za hati fungani ya Ulaya iliyotakiwa kulipwa mwezi Juni, na hofu ya deni hilo ilikuwa imeiangusha shilingi kwa miezi mingi. Mwezi Februari Kenya ikakopa upya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani, na upepo ukageuka. Kufikia katikati ya Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Kwa mwagizaji wa mafuta hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyeuza maua nje kwa mkopo, ulikuwa msiba.

Tuseme muuzaji wa waridi wa Naivasha alipeleka shehena Dubai mwezi Januari, ankara ikiwa ya dola 100,000 za kulipwa baada ya miezi mitatu. Vibarua, umeme na maji anavilipa kwa shilingi. Asipojikinga, fedha alizozihesabu kuwa milioni 16 zinamfikia zikiwa milioni 13.

Kinga ya kwanza ni mkataba wa fowadi: leo anakubaliana na benki kwamba siku ya malipo atawauzia dola hizo kwa bei iliyokwisha kupangwa. Bei hiyo si ubashiri wa benki. Inatokana na tofauti ya riba. Wakati ule hati za hazina za Kenya za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, ilhali riba ya dola ilikuwa kama asilimia 5. Benki inaweza kukopa dola leo, kuzibadili na kuzalisha riba ya shilingi, kisha kurudisha mkopo kwa dola za mteja. Faida ya hapo katikati humrudia muuzaji, benki ikiwa imeshachukua chake. Kwa hiyo fowadi yake tuiweke shilingi 163, juu kuliko bei ya siku.

Kinga ya pili ni opsheni ya kuuza. Hii inampa haki ya kuuza dola kwa shilingi 160, bila wajibu wa kufanya hivyo. Haki hiyo haitolewi bure. Tuseme ada yake ni shilingi 4 kwa kila dola, yaani 400,000, na inalipwa siku ya kusaini, kabla mteja wa Dubai hajatoa hata senti.

Sasa hesabu. Dola ikishuka hadi 130, fowadi inamletea milioni 16.3. Opsheni inamletea milioni 15.6, yaani 160 kutoa 4. Dola ikipanda hadi 180, fowadi inabaki milioni 16.3 ileile, lakini mwenye opsheni anaiacha ife, anauza sokoni na kubaki na milioni 17.6. Mstari wa mpaka ni shilingi 167: chini yake fowadi inashinda, juu yake opsheni. Kama ada ililipwa kwa fedha ya kukopa, mpaka unapanda kidogo zaidi.

Ukiongeza asiyejikinga kabisa katika mashindano haya, jambo la ajabu linajitokeza: opsheni haishiki nafasi ya kwanza hata mara moja. Dola ikishuka sana, fowadi inaongoza. Ikipanda sana, anaongoza aliyekaa bila kinga. Na ikitulia kati ya 156 na 167, opsheni ndiyo inayoburura mkia. Anayeipima baada ya mambo kwisha ataona kila mara kwamba kulikuwa na njia bora. Ila mwezi Januari hakuna aliyejua Aprili italeta nini, na opsheni ndiyo pekee iliyoweka sakafu bila kuweka dari.

Nguvu yake kubwa, hata hivyo, iko kwingine. Je, mteja asipolipa? Mwenye fowadi bado anadaiwa dola 100,000 na benki. Dola ikiwa 180, atazinunua kwa bei hiyo na kuziuza kwa 163, hasara ya milioni 1.7 juu ya maua yaliyokwisha nyauka. Mwenye opsheni, katika balaa hilohilo, anapoteza ada yake tu.

Basi kwa ankara ya mteja wa miaka mingi anayelipa kwa tarehe, fowadi inatosha, na kulipia opsheni ni anasa. Kwa zabuni ambayo haijajibiwa, au mnunuzi mpya, opsheni inastahili bei yake. Wengine hugawanya: sehemu yenye uhakika wanaifunga kwa fowadi, iliyobaki wanaikatia opsheni. Kabla ya kusaini chochote, muuzaji aombe bei ya zote mbili siku moja, kwa kiasi kilekile na tarehe ileile, kisha ajumlishe bei ya fowadi na ada ya opsheni. Pale bei ya opsheni ni sawa na bei ya siku au chini kidogo ya fowadi, jumla hiyo, 163 na 4, ndiyo dola inayotakiwa kuvukwa ili ada irudi.