FOB au CIF: gari likiharibika baharini, hasara ni ya nani?

Mtu wa Dar es Salaam anayetafuta IST iliyotumika kwenye tovuti za wauza magari wa Japani hukuta gari lilelile lina bei mbili. Moja imeandikwa FOB, nyingine CIF. Tuseme FOB ni dola 3,000 na CIF ni dola 4,450. Wengi huitazama tofauti hiyo ya dola 1,450, wakajua ni pesa ya meli, basi. Kumbe herufi hizo zinaamua mambo mawili: nani analipa nini, na mzigo ukipata ajali hasara ni ya nani. Mambo hayo mawili hayahami mikono mahali pamoja, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kanuni zenyewe hutungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara iliyoko Paris. Za kwanza zilitoka 1936, na toleo la karibuni ni la 2020. Ukinunua kwa FOB Yokohama, muuzaji anagharimia kulifikisha gari bandarini, kumalizana na forodha ya Japani na kulipakia melini. Likishakuwa ndani ya meli, kazi yake imekwisha. Nauli, bima na yote yanayofuata ni juu yako.

Kwa CIF Dar es Salaam, muuzaji anaongeza nauli, tuseme dola 1,400, na bima ya dola 50. Mnunuzi anatulia, akiamini gari liko mikononi mwa muuzaji mpaka litie nanga. Si hivyo. Muuzaji amelipa gharama za kufika Dar es Salaam, lakini dhamana ya hasara ilihamia kwako palepale Yokohama, gari lilipopakiwa, sawasawa na FOB. Bahari ikichafuka, gari likagongana na jirani yake, muuzaji atakuonyesha hati ya shehena, ile BL, inayosema lilipokelewa likiwa zima. Kisheria amemaliza. Wa kudaiwa ni kampuni ya bima.

Nayo bima hiyo ni ya kusomwa kwa makini. Kanuni za CIF zinamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini tu, inayojulikana kwa herufi C, kwa asilimia 110 ya bei ya mauzo. Hiyo hulipa majanga makubwa: meli kuzama, kuungua, kukwama mwambani au kugongana na nyingine. Redio ikiibwa njiani, C hailipi. Anayetaka kinga pana zaidi aombe daraja A, na akubaliane na muuzaji kabla ya kutuma pesa, maana ni ghali zaidi na muuzaji halazimiki kuitoa. Bima ikishakatwa, omba cheti chake na utazame herufi iliyoandikwa.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Kenya na Tanzania zinataka bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za ndani. Kenya ilianza kusimamia hilo kwa nguvu mwaka 2017. Ndiyo maana hati nyingi sasa huandikwa CFR au C&F: muuzaji analipa nauli peke yake, bima unakata mwenyewe huku nyumbani. Mimi naona hii ni njia bora kwa mnunuzi mdogo, kwa sababu likitokea la kutokea unamfuata mtu mwenye ofisi mjini kwako. Ila bima ikatwe kabla gari halijapakiwa.

Meli ikifika, CIF imefika mwisho. Tozo za bandari, malipo ya wakala wa meli anayekupa hati ya kuchukulia mzigo, ada ya wakala wa forodha na gharama za kuhifadhi gari ukichelewa, zote ni zako. Ushuru nao unakokotolewa juu ya thamani ya CIF, hata kama ulinunua kwa FOB. Forodha huongeza nauli na bima kwanza. Kwa gari letu, asilimia 25 ya dola 4,450 ni dola 1,112.50, wakati aliyepiga hesabu kwa FOB alitenga 750. Kodi nyingine zinapandishwa juu ya hapo. Tena kwa magari yaliyotumika, TRA ina viwango vyake vya thamani, hivyo bei iliyo kwenye ankara yako huenda isikubaliwe.

Soma pia jina la mahali linalofuata herufi. Mnunuzi wa Kampala mwenye CIF Mombasa amelipiwa hadi Mombasa tu. Zaidi ya kilomita 1,000 za barabara ni zake. Na akiandikiwa CIF Kampala, mahali pasipo na bandari ya bahari, adai maandishi yanayosema nani anamlipa dereva kutoka Mombasa, na gari likipinduka njiani hasara ni ya nani.