Somo Lilieleweka: Ushahidi Uko Wapi?

Vyuo vya ualimu nchini Tanzania, kuanzia Butimba jijini Mwanza hadi Korogwe mkoani Tanga, huwapeleka wanachuo wao katika shule kufanya mazoezi ya kufundisha. Huko mwanachuo hukabidhiwa darasa, hutengeneza azimio la kazi, huandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani, na hutembelewa na mkufunzi anayekaa nyuma ya darasa na fomu yake ya tathmini. Muda ukiisha, huandika ripoti ya mwisho. Ripoti hiyo hueleza alichokiona, changamoto alizokutana nazo, wanafunzi walijifunza nini, na yeye mwenyewe ameondoka na funzo gani.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya tatu. Chini ya kila andalio la somo pana nafasi ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa kabla hata madaftari hayajakusanywa: “Somo lilieleweka kwa asilimia 80.” Asilimia hiyo haikutoka popote. Mwanachuo aliuliza, “Mmeelewa?” darasa zima likaitikia, “Ndiyo, mwalimu!” basi akaandika. Sentensi za namna hiyo zikikusanywa na kuingizwa katika ripoti ya mwisho, chuo hupata kurasa nyingi zinazoeleza alichofundisha mwalimu, wala si alichojifunza mtoto.

Ushahidi wa kujifunza hupatikanaje basi? Tuchukue darasa la mfano na tulifuate hatua kwa hatua. Ni Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali, somo la Hisabati, mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Wanafunzi waliosajiliwa ni 60.

Kupanga madaftari kwa makosa

Mwanachuo wetu anafundisha kipindi cha kwanza kama kitabu kinavyoelekeza: tafuta kigawe kidogo cha shirika, badili asili zifanane, kisha jumlisha. Mwishoni anatoa swali moja: 1/2 + 1/3. Wanafunzi 54 waliohudhuria wanalifanya.

Kipindi ni dakika 40. Kama kila daftari litachukua dakika moja tu, madaftari 54 yatamla dakika 54, yaani zaidi ya kipindi chenyewe. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kukisia asilimia. Lakini kwa kazi hii si lazima asahihishe kila mstari wa kila daftari. Anatazama jibu na njia ya swali hilo moja, kisha anapanga madaftari mafungu kwa kufuata aina ya kosa. Akimaliza ana mafungu manne mezani: 19 yana jibu sahihi, 5/6, 21 yana 2/5, 9 yana 2/6, na 5 yaliyobaki yana majibu mengine au hayana kitu.

Anayehesabu alama peke yake ataandika kwamba wanafunzi 19 kati ya 54, kama asilimia 35, walipata, kisha ataishia hapo. Mafungu yanasema zaidi. Aliyeandika 2/5 amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kwake sehemu si namba moja, ni namba mbili zilizotenganishwa na mstari. Aliyeandika 2/6 yuko mahali pengine kabisa: amejua asili mpya ni 6, ila amesahau kwamba asili ikibadilika, kiasi nacho lazima kibadilike. Wote wawili wamekosa, na alama zao ni sifuri, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja. Kuwafundisha wote upya kwa maneno yaleyale ni kupoteza kipindi.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu makini ataliona. Nusu imeongezewa theluthi, lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Na 2/6 ni theluthi tupu, kana kwamba ile nusu haikuwepo. Wanafunzi 30 wameongeza kitu wakapata pungufu, na hilo halikuwashtua. Tatizo lao linaanzia kabla ya kigawe cha shirika: hawajazoea kujiuliza kama jibu linawezekana.

Mkanda wa sentimita 12

Kwa kipindi kinachofuata mwanachuo anakata mikanda ya boksi kuukuu, kila mmoja una urefu wa sentimita 12. Huo mkanda mzima ni namba moja. Nusu yake ni kipande cha sentimita 6, theluthi yake ni kipande cha sentimita 4. Wanafunzi, katika vikundi, wanaviweka vipande hivyo viwili kwa kuviunganisha juu ya mkanda mzima. Vinafika sentimita 10, na nafasi iliyobaki ni sentimita 2. Mwalimu anawauliza: kipande cha sentimita 2 kinaingia mara ngapi katika mkanda mzima? Mara 6. Na mara ngapi katika vile vipande viwili vilivyounganishwa? Mara 5. Jibu la 5/6 wameliona kwa macho kabla ya kuliandika ubaoni.

Kisha anawarudisha kwenye kosa. Mbili ya tano ya mkanda huo ni sentimita 4.8. Je, inafika hata kwenye alama ya nusu? Haifiki. Wale waliopata 2/5 hawahitaji kuambiwa wamekosea, kwa maana mkanda wenyewe umewaambia.

Baada ya hapo anatoa swali jipya: 1/4 + 2/3. Halirudii lile la kwanza, kwa sababu jibu la 5/6 sasa limekwisha kujulikana darasa zima, na anayelikumbuka si lazima awe anaelewa. Na kwa kuwa wanafunzi watatu au wanne hukaa dawati moja, anaweka maswali ya aina mbili yenye ugumu ule ule, ili jirani asimnakili jirani. Tutafuatilia hilo moja ili kurahisisha hesabu, tukichukulia kwamba matokeo ya swali pacha yanaonyesha picha hiyohiyo.

Kwa wanafunzi walewale 54 mafungu sasa yanakuwa hivi: 36 wamepata 11/12, 8 wameandika 3/7, 7 wameandika 3/12, na 3 wana majibu mengine. Kundi la wanaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini limeshuka kutoka 21 hadi 8. Kundi la wanaobadili asili na kusahau kiasi limeshuka kutoka 9 hadi 7 tu. Mkanda umetibu kosa la kwanza kuliko la pili. Hilo linaeleweka, maana kwa kushika vipande mtoto anaona ukubwa wa sehemu, lakini haoni moja kwa moja jinsi 1/4 inavyogeuka kuwa 3/12 kwenye daftari.

Kinachoweza kusemwa, na kisichoweza

Sasa mwanachuo ana la kuandika: “Katika swali la kwanza wanafunzi 19 kati ya 54 walipata. Baada ya kipindi cha mikanda, 36 kati ya walewale 54 walipata swali jipya. Kosa la kujumlisha asili lilipungua sana. Kosa la kutobadili kiasi bado lipo.” Akiambatisha nakala za daftari moja kutoka kila fungu, kabla na baada, mkufunzi ataweza kuyaona mabadiliko mwenyewe. Majina huondolewa, panaandikwa “Mwanafunzi A” na “Mwanafunzi B”, kwa sababu mtoto hakuomba makosa yake yasafiri hadi chuoni.

Neno “walewale” katika maelezo hayo lina uzito. Kama siku ya pili wangekuja wanafunzi 48, na waliokosekana ni wale wanaotoroka shule mara kwa mara, asilimia ya waliopata ingepanda bila yeyote kujifunza kitu. Ndiyo maana andalio la somo huanza na idadi ya waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana kwa wavulana. Idadi hiyo ndiyo inayolinda hesabu inayofuata.

Kuna pia mipaka. Mwanachuo hawezi kuandika kwamba mikanda imethibitika kuwa mbinu bora. Labda mwalimu wa darasa alirudia mada hiyo jioni. Labda kipindi cha pili chenyewe, kwa njia yoyote, kingeinua matokeo. Wala hajui kama mwezi ujao wanafunzi hao 36 watakumbuka. Anachoweza kufanya ni kurudisha swali la aina hiyo baada ya wiki mbili, na kuwaita wachache kutoka kila fungu waeleze kwa mdomo, “Umepataje?” Mtoto aliyepata jibu sahihi asiweze kueleza, naye huingia kwenye maandishi.

Uchunguzi, changamoto na funzo

Ushahidi ukishakaa sawa, sehemu nyingine za ripoti hupata uzito. Katika uchunguzi, “wanafunzi wa nyuma ni wavivu” ni hukumu. “Kati ya wanafunzi 12 wa safu ya nyuma, 9 hawakuwa na kitabu, na ubao hausomeki kutoka walipo” ni jambo lililoonekana, na mtu mwingine anaweza kwenda kulihakiki.

Changamoto nazo huandikwa kwa mazoea: msongamano, uhaba wa vitabu, utoro, kisha “serikali iongeze madarasa.” Msongamano ni wa kweli. Michango ya lazima ilipofutwa mwanzoni mwa 2016 watoto walifurika katika shule za msingi, na madarasa mengi yalizidi kwa mbali kiwango cha wanafunzi 45. Lakini ripoti inapaswa kuonyesha msongamano ulifanya nini katika somo hili. Kwa mwanachuo wetu, ulimnyima muda wa kusahihisha, akatafuta njia ya swali moja na mafungu manne. Hiyo ndiyo changamoto iliyoelezwa, pamoja na hatua iliyochukuliwa.

Funzo la mwisho nalo liwe uamuzi. “Nimejifunza kwamba ualimu unahitaji uvumilivu” ni maneno ambayo yangeandikwa hata na mtu asiyeingia darasani. “Nikifundisha tena mada hii nitaanza na ukubwa wa sehemu kabla ya kigawe cha shirika, na baada ya mikanda nitaweka zoezi la kubadili kiasi peke yake” ni funzo lililotoka kwenye madaftari.

Limebaki jambo moja ambalo linawahusu wakufunzi na walimu wakuu pamoja. Ripoti husafiri kwenda chuoni, ikapewa alama, ikawekwa kabatini. Wanafunzi 18 ambao bado wanakosa wanabaki shuleni, na mwalimu wa darasa anayewapokea hajui nani yuko fungu gani. Ukurasa mmoja unaotosha kumweleza hilo uachwe kwake kabla mwanachuo hajafunga begi, na mkufunzi asitoe alama ya mwisho mpaka ahakikishe umeachwa.