Mkataba Wasema Austria, Kesi Iko Roma

Kwa miaka kadhaa kampuni ya Gasser ya Austria iliiuzia MISAT ya Roma nguo za watoto. Biashara ilipovunjika, MISAT ikawahi: Aprili 2000 ilifungua shauri Roma, ikitaka itamkwe kwamba mkataba umekwisha, na ilipwe fidia. Desemba mwaka huohuo Gasser nayo ikaenda mahakama ya Feldkirch, Austria, kudai ankara ambazo hazijalipwa. Ilisema ankara zake zote zilikuwa na kipengele kinachozipa mahakama za kwao mamlaka ya kuamua migogoro.

Mashauri mawili, mgogoro mmoja. Nani asubiri?

Sheria ya Ulaya, iliyojengwa juu ya mapokeo ya bara, ilijibu kwa kalenda: mahakama iliyofunguliwa shauri baadaye husimama mpaka ya kwanza iamue kama ina mamlaka. Gasser ilijitetea kwa kipengele chake, na kwamba kesi za Italia huchukua muda mrefu mno. Desemba 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa hoja zote mbili. Feldkirch ingoje Roma.

Wadaiwa wajanja walikuwa wameshauona mwanya huo. Ukihisi utashtakiwa, unakimbilia nchi yenye mahakama za polepole na kuomba itamkwe kwamba hudaiwi kitu. Hata ukishindwa, umemchelewesha mdai wako kwa miaka. Wanasheria waliuita mchezo huo torpedo ya Kiitalia.

Waingereza walishika njia nyingine. Katika kesi ya meli Spiliada, mwaka 1986, Lodi Goff alieleza kipimo chake. Mdaiwa aonyeshe kwamba ipo mahakama ya nchi nyingine inayofaa zaidi waziwazi: mashahidi wako wapi, sheria ya nani inatumika? Akifaulu, shauri husitishwa, isipokuwa mdai athibitishe kwamba huko hatatendewa haki. Palipo na kipengele cha mahakama moja pekee, anayetaka kukikwepa lazima alete sababu nzito. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifuata msimamo huo mwaka 1985, katika kesi ya kampuni ya bima ya United India.

Kila njia ina gharama yake. Kalenda haina ubishi, lakini humzawadia mwenye mbio. Hiari ya jaji hupima haki ya kila shauri, lakini pande mbili zaweza kumaliza fedha nyingi zikibishania mahali tu, kabla deni lenyewe halijaguswa.

Tangu Januari 2015 Ulaya imegeuza kanuni: mahakama iliyochaguliwa kuwa pekee ndiyo inayotangulia, hata ikifunguliwa shauri baadaye. Ila kinga hiyo haijiwashi yenyewe. Mpaka mdai afungue shauri katika mahakama iliyochaguliwa, ile nyingine hailazimiki kusimama. Nako Nairobi, kipengele kisichoonyesha kwamba mahakama hiyo ni ya pekee humwachia mpinzani nafasi ya kushtaki kwingine.