Nguvu Inayozungusha Boriti Bila Kuibonyeza

Boriti nyingi za ghorofa hazikomi ukutani. Hupita juu ya nguzo ya mwisho zikachomoza nje mita moja au mbili ili kubeba roshani. Kabla fundi hajaambiwa nondo nene zikae juu au chini, mhandisi huchora michoro miwili chini ya picha ya boriti hiyo. Wa kwanza ni wa kani ya mkato, yaani nguvu inayotaka kuitenganisha boriti kwa kushusha kipande kimoja na kupandisha kilicho jirani yake. Wa pili ni wa momenti ya mpindo, na huo ndio unaoonyesha boriti inavyotaka kukunjika.

Mizigo inayokandamiza kwenda chini haisumbui sana. Kazi huanza pale boriti inapopokea jozi ya kani: nguvu mbili zilizo sawa, zinazoelekea pande kinyume, kama mikono miwili inayozungusha usukani. Jozi hiyo haisukumi boriti chini wala juu. Inaizungusha tu.

Tuchukue boriti ya mita 8. Mwisho wake wa kushoto, A, umeegemea ukuta. Mita 6 kutoka hapo iko nguzo B, na mita 2 zilizobaki zinachomoza hadi ncha C, ambapo roshani inakandamiza kwa kilonyutoni 9, karibu uzito wa kilo 900. Katikati ya A na B, mita 3 kutoka A, umesimikwa mlingoti wa bango. Upepo unaotoka kushoto unalisukuma bango kwa kilonyutoni 4, mita 3 juu ya boriti. Msukumo huo unaufanya mguu wa mlingoti uizungushe boriti kwa mwendo wa saa, kwa momenti ya 4 × 3 = 12 kNm. Zile kilonyutoni 4 zenyewe zinapita kwa urefu wa boriti na kuishia kwenye egemeo A lililofungwa lisiteleze, kwa hiyo hazimo katika michoro yetu. Uzito wa boriti na wa mlingoti tuuache kando ili hesabu isomeke.

Kwanza tutafute maegemeo yanajibu kwa nguvu gani. Tukisimama A, mzigo wa C unazungusha kwa mwendo wa saa 9 × 8 = 72, na upepo unaongeza 12. Jumla ni 84, na anayezuia ni B peke yake, aliye umbali wa mita 6. B basi anasukuma juu kwa kilonyutoni 14. Lakini mzigo wote unaoshuka ni 9 tu, hivyo A lazima avute boriti chini kwa 5. Ukuta haubebi boriti hapa, unaishikilia isinyanyuke. Kama boriti imelazwa tu juu ya tofali bila boliti wala nondo za kuifunga, mwisho huo utainuka, na bila upepo ungetaka kuinuka kwa 3. Ishara ya kutoa kwenye jibu la A si ya kufutwa kwa kudhani umekosea. Ni onyo kwa anayejenga.

Sasa mchoro wa kani ya mkato. Tembea kutoka kushoto kwenda kulia, panda kila unapokuta nguvu inayosukuma juu na shuka unapokuta inayovuta chini. Pale A unashuka hadi −5. Unaenda sambamba, unaupita mlingoti, na hakuna kinachotokea. Wengi hujaribiwa kuweka ngazi hapo kwa kuwa wanaona kitu kimeshikizwa kwenye boriti. Hakuna ngazi, kwa sababu jozi haina nguvu ya kushuka wala ya kupanda. Ukifika B unapanda 14, unakuwa +9, unaendelea hivyo hadi C, na mzigo wa roshani unakurudisha kwenye sifuri.

Mchoro wa momenti hujengwa juu ya huo. Badiliko la momenti kati ya sehemu mbili ni sawa na eneo la mchoro wa mkato lililo kati yao. Tuhesabu kuwa chanya mpindo unaoizamisha boriti katikati. Kutoka A hadi kwenye mlingoti eneo ni −5 × 3, kwa hiyo momenti inashuka kwa mstari ulionyooka hadi −15. Hapo ndipo jozi inapojitokeza: mchoro unaruka wima. Unapotembea kulia, jozi ya mwendo wa saa inarusha juu, na ya kinyume chake inaangusha. Yetu inarusha 12, na −15 inakuwa −3. Mita 3 zinazofuata zinaongeza −15 nyingine, tunafika B tukiwa na −18. Kisha mkato wa +9 kwa mita 2 unatupandisha 18, na ncha C inafunga kwa sifuri, kama inavyopasa ncha isiyoshikwa na kitu.

Njia nzuri ya kujikagua ni kuifikia B kutoka pande zote mbili. Ukitokea kulia, mzigo wa 9 ulio umbali wa mita 2 unakupa −18 bila kuhitaji kujua chochote kuhusu upepo. Ukisahau mruko, kutoka kushoto utapata −30, na tofauti ni 12, momenti ya jozi yenyewe. Ukirusha upande usiofaa utapata −42, na tofauti ni 24, mara mbili ya jozi. Hivyo kosa lenyewe linakwambia ni kosa gani.

Upepo ukigeuka, A anavuta 1 tu na B anabeba 10. Kwenye mlingoti momenti inakuwa −3 kisha inaanguka hadi −15. Pale B inabaki −18, maana momenti ya hapo inaamuliwa na mchomozo peke yake.

Jambo lisilotazamiwa ni mahali pa kusimika mlingoti. Turudi kwenye upepo wa kutoka kushoto, tuusogeze mlingoti hadi mita 1 kutoka A. Majibu ya maegemeo hayabadiliki hata kidogo: 5 na 14 vilevile, na mchoro wa mkato ni uleule. Jozi haijali imewekwa wapi inapozungusha boriti nzima. Mchoro wa momenti, lakini, unajali sana. Sasa unashuka hadi −5, unaruka hadi +7, kisha unashuka tena na kukata mstari wa sifuri mita 2.4 kutoka A.

Kwa anayefunga nondo, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mlingoti ulipokuwa katikati, boriti yote kuanzia A hadi C ilikuwa inavutika upande wa juu, na nondo kuu zote zilitakiwa juu. Mlingoti wa mita 1 umeleta kipande, kutoka kwenye mguu wake hadi mita 2.4, ambacho kinavutika upande wa chini. Zege halivumilii kuvutwa, kwa hiyo bila chuma cha kutosha chini nyufa zitaanzia hapo, kwenye uso wa chini wa boriti, zikielekea juu. Aliyetazama majibu ya maegemeo na mchoro wa mkato tu, akaona vyote vimebaki kama vilivyokuwa, angeruhusu mlingoti uhamishwe bila kugusa nondo hata moja.