Mwalimu Anayeuliza na Kujijibu

Mwalimu mwenzako akikuomba utazame kipindi alichokirekodi kwenye Zoom, kumwambia "somo zuri, ila washirikishe zaidi wanafunzi" hakumsaidii. Hatajua abadilishe nini wala wapi. Maoni ya kufaa huandikwa yakiwa na dakika pembeni, ili arudi pale pale ajione.

Tuseme ni kipindi cha Hisabati cha dakika 40, na kwenye skrini kuna x² + 5x + 6 = 0. Ikifika 12:10 mwalimu anauliza: "Nani anipe namba mbili, zikizidishwa zilete 6, zikijumlishwa zilete 5?" Ikifika 12:12 keshajibu: "Ni 2 na 3." Sekunde mbili! Mwanafunzi alitakiwa apige hesabu, atafute kitufe cha kipaza sauti, kisha sauti yake isafiri kwenye mtandao unaosuasua. Hata darasani ni hivyo: Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa walimu walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na waliposubiri tatu au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu zaidi. Mtandaoni mimi ningesubiri kumi. Tena ningesema: "Andikeni jibu kwenye ujumbe, lakini msitume mpaka niwaambie." Hapo yule mwepesi wa darasa hawafungii wenzake mlango.

Kwa hiyo mwendo wa kipindi haupimwi kwa kasi ya maneno peke yake. Mwalimu huyu anaongea taratibu kabisa, lakini anakimbia penye ugumu. Angalia 15:40, ameandika (x + 2)(x + 3) = 0, akasema: "Basi x ni −2 au −3, alama zinageuka." Zinageuka kwa nini? Hakusema kwamba namba mbili zikizidishwa zikaleta sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri, ndiyo maana tunaandika x + 2 = 0. Aliyekariri "alama zinageuka" akikutana na (2x − 1)(x + 3) = 0 ataandika 1 badala ya ½, na hataona alipokosea.

Kuhusu skrini, itazame rekodi kwa simu, kwa sababu wanafunzi wengi wanaitazama hivyo. Mwalimu anasema "hii tunaileta hapa" huku akisogeza kishale ambacho kwenye simu ni kama chawa. Atumie Spotlight iliyo ndani ya Annotate, na atamke kabisa: "mabano ya kwanza". Kama ukifumba macho bado unafuata maelezo, maneno yake yametosha.

Jogoo aliyewika katikati ya kipindi muache, hana kosa. Mtumie mwenzako haya matatu tu, ukianza na zile sekunde mbili, maana hizo anaweza kuzipima mwenyewe kwenye kipindi kijacho.